Utangulizi wa somo la sehemu: dakika 12 za kwanza, kamba na swali la "ya nini?"

Kila mwaka mada ya sehemu inapokaribia, simu yangu huanza kulia. Ni walimu walioajiriwa karibuni, mmoja yuko Ukerewe, mwingine Sengerema, mwingine hapahapa Ilemela, na swali lao ni lilelile: "Mwalimu, sehemu unaianzaje? Nikichora duara nikalikata katikati wananiitikia vizuri, nikiandika 1/2 tu wananipotea." Nimeshalijibu mara nyingi kwa vipande, kwa hiyo leo naliandika lote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wa dakika 12 za mwanzo katika kipindi cha kwanza cha sehemu, yaani utangulizi peke yake. Kujumlisha sehemu, kulinganisha sehemu na hata kuandika 1/2 kwenyewe kunakuja baadaye. Nimeuandika nikilifikiria darasa la tatu la watoto 90 wanaokaa watatu watatu kwenye dawati, maana ndilo ninalolijua. Kama lako lina watoto 40, basi kazi yako ni nyepesi zaidi.

Jambo la kujua kabla hujaandika andalio

Mtoto wa huku ziwani anayajua maneno ya sehemu kabla hujamfundisha. Ametumwa dukani robo ya sukari na nusu ya mchele. Anajua kipindi huanza saa mbili kasorobo. Kaka yake amemsimulia timu ilivyotolewa nusu fainali. Maneno yapo, ila maana aliyonayo mtoto siyo ile unayoitaka wewe.

Dukani, robo ya sukari mara nyingi ni kifurushi kilichofungwa tayari. Mtoto anakipokea, anatoa hela, anaondoka. Hajaona kilo nzima ikigawanywa mara nne. Ukimwuliza robo ni nini, atakukusanyia viganja viwili kukuonyesha ukubwa wa kifurushi. Kwake robo ni jina la kitu fulani, kama kopo au sado. Nyumbani nako, nusu ni kipande chochote kilichokatwa, ndiyo maana utasikia watoto wakigombania chapati: "Mimi nipe nusu kubwa!"

Kwa hiyo utangulizi wako una kazi mbili tu. Kwanza, watoto wayatoe wenyewe maneno wanayoyajua. Pili, waulizwe maswali mawili ambayo duka na jiko havijawahi kuwauliza: vipande vinalingana? Na hiyo nusu ni nusu ya nini?

Vitu vya kuandaa

Kamba ya katani au uzi mnene wa kushonea nyavu, mita 15 hivi. Ukiwa karibu na mwalo, waombe wavuvi mabaki wanayoyatupa wakati wa kutengeneza nyavu. Kata vipande vya sentimeta 40, kimoja kwa kila dawati. Madawati 30 yanakula mita 12, zinazobaki ni za akiba, maana vipande viwili vitatu lazima vipotee.

Kamba yako mwenyewe ya mita 1 kamili. Iweke mfukoni wasiione mapema.

Chaki, pamoja na vipande vidogo vya chaki vya kugawa kwa madawati.

Karatasi ndogo ya kwako ya kuandikia utakachosikia.

Usitumie vipande vya mpira wa baiskeli hata kama vimejaa kwa fundi. Mpira unavutika. Mtoto akiona upande mmoja mfupi anauvuta mpaka unalingana na mwenzake, halafu anakuangalia usoni kwa ushindi, nawe huna la kusema. Wembe na mkasi navyo viache ofisini. Hapa kamba inakunjwa, haikatwi.

Ukikosa kamba kabisa, chana vipande virefu vya karatasi ya daftari lililokwisha, vyote vya urefu mmoja. Vinafanya kazi, ila alama ya mkunjo inabaki, na dawati linalokosea mara ya kwanza linachanganywa na mikunjo yake ya zamani.

Hatua

1. Chagua kisa kimoja, na kiwe chenye kitu kizima kinachoonekana.

Hapa ndipo walimu wengi wanapoharibu, na mimi nilianza kwa kuharibu. Mwaka wangu wa kwanza na darasa la tatu nilitaka mfano wa nyumbani kabisa, nikachora sato mkubwa ubaoni. Nikauliza: "Tukimkata sato huyu katikati, kila mtu atapata nini?" Nilitegemea "nusu". Mtoto wa mbele akajibu, "Kichwa ni cha baba." Mwingine akasema mkia anapewa mdogo. Binti mmoja, ambaye mama yake anauza samaki wa kukaanga, akasimama akaniambia kwamba upande wa kichwa una mifupa mingi kwa hiyo huwezi kuuza kwa bei moja na upande wa nyama. Ubishi ukachukua dakika 15, na kengele ikalia neno nusu halijatamkwa.

Yule binti alikuwa sahihi. Ukimkata samaki katikati, kichwa kikaenda upande mmoja na mkia upande mwingine, pande mbili hazilingani uzito wala nyama, na nyumbani samaki hagawanywi kwa usawa, anagawanywa kwa heshima. Ni mfano mzuri sana wa kitu kisichogawanyika sawa, lakini nafasi yake ni kipindi cha pili au cha tatu, watoto wakishajua wanatafuta nini.

Chapati nayo ina shida yake. Kila mtoto anaijua, lakini ikichanwa kwa mkono hakuna njia rahisi ya kuthibitisha kwamba vipande viwili vinalingana. Mnabaki kubishana kwa macho. Kamba ndiyo imenisaidia kuliko vyote: ni ndefu, haina kichwa wala mkia, na kulingana kwake kunathibitishwa kwa kuunganisha ncha mbili. Hata mtoto asiyeona vizuri anaihisi kwa vidole.

Kisa chenyewe kiwe kifupi hivi: wavuvi wawili wamenunua kamba moja kwa pamoja, wamechangia sawa, sasa kila mmoja anataka ya kwake. Basi. Usiongeze mtumbwi, dhoruba wala jina la kisiwa, la sivyo watoto watafuata hadithi na kuiacha hesabu.

2. Siku moja kabla, ongea na watoto wanne.

Wakati wa mapumziko waulize watoto wanne wa viwango tofauti: "Jana ulitumwa dukani? Ulinunua nini, kiasi gani?" Usiwafundishe chochote, sikiliza tu. Utajua kama dukani kwao mafuta yanapimwa kwa robo lita au kwa kikombe, kama dagaa wanauzwa kwa kopo au kwa sado, na ni neno lipi la sehemu linalosikika zaidi mtaani. Kuna mwaka niligundua kwamba watoto wote wanne walikuwa wanasema "robo", na hakuna aliyetamka "nusu" hata mara moja. Nikabadilisha swali langu la kwanza kesho yake, kwani ningeanza na "nusu kilo" ningesubiri majibu hewani.

3. Dakika 3: maneno yaje kutoka kwao.

Ukishasalimiana na darasa, uliza: "Nani jana alitumwa dukani? Aliambiwa anunue nini, na kiasi gani?" Wape kwanza nusu dakika waambizane dawatini. Kwa walio wengi hapa, lugha ya nyumbani ni Kisukuma, na Ukerewe ni Kikerewe au Kijita. Waache waambizane kwa lugha yoyote, halafu mmoja aseme kwa Kiswahili mbele ya wote.

Kila neno la sehemu likitajwa, liandike ubaoni kwa herufi: nusu, robo, robo tatu, kasorobo. Andika pia na kitu chake, "robo ya sukari", "nusu ya mchele". Majibu kama "kopo la dagaa" yapokee, yaandike pembeni, yatakufaa.

Onyo: usiandike 1/2 wala 1/4 katika hatua hii, hata kama mtoto aliyeanza twisheni anakutajia. Ukiandika tu, darasa zima linahamisha macho kwenye tarakimu, na yale ya dukani yanafutika vichwani. Vivyo hivyo maneno kiasi na asili. Ni maneno ya kazi kwa vipindi vijavyo, leo hayamsaidii mtoto ambaye bado anadhani nusu ni kipande chochote.

Akitokea wa "nusu fainali" au "robo fainali", mpongeze, liandike pembeni na usilifafanue. Robo fainali ina mechi nne na nusu fainali ina mbili, ukianza kulieleza hapo utampa mtoto sababu ya kuamini kwamba robo ni kubwa kuliko nusu.

4. Dakika 2: swali la kupima, kila mtoto ajibu.

Chora ubaoni mstari mnene mlalo wa kama sentimeta 60, uite kamba ya wavuvi. Weka alama ya kukata mahali ambapo si katikati waziwazi, upande mmoja sentimeta 20, mwingine 40. Sema: "Mvuvi wa kwanza amechukua kipande hiki, wa pili hiki. Je, kila mmoja amepata nusu?"

Usimchague mtu kujibu. Waambie: anayesema ndiyo, mkono kichwani, anayesema hapana, mikono mezani. Wafumbe macho kwanza, uhesabu mpaka tatu, waonyeshe. Kufumba macho siyo mchezo. Bila hivyo, madawati ya nyuma yanamwangalia mtoto hodari wa mbele na kumfuata, nawe unabaki na jibu la mtoto mmoja lililorudiwa mara 90.

Kadiria haraka, usihesabu mmoja mmoja. Unataka kujua kama wenye mikono kichwani ni wachache, kama robo ya darasa, au ni nusu na zaidi. Andika kwenye karatasi yako. Usiseme nani kapata wala nani kakosa. Sema tu, "Tuwasaidie wavuvi hawa," na gawa kamba.

5. Dakika 5: kukunja kamba.

Kila dawati lina kamba moja na kipande cha chaki. Kazi: "Wagawieni wavuvi wawili kamba hii mpaka wote waridhike. Hakuna kukata. Wekeni alama ya chaki pale pa kukatia." Usiwaonyeshe jinsi ya kukunja. Wengi wataanza kwa kukisia kwa macho, wengine watapima kwa shubiri, kisha dawati moja litaunganisha ncha mbili na kuivuta kamba mpaka inyooke, na habari itasambaa yenyewe.

Wewe zunguka. Beba swali moja tu: "Utamthibitishiaje mvuvi wa pili kwamba hujampunja?" Neno kupunja lina nguvu kuliko "sawa" mara kumi, kwa sababu kila mtoto ameshawahi kupunjwa. Mwaka juzi nilisimama kwenye dawati moja la nyuma, wavulana wawili na msichana mmoja. Alama yao ilikuwa imeenda pembeni kama upana wa vidole viwili. Nikauliza swali langu. Mvulana akasema, "Ni nusu tu, mwalimu, tumeigawa." Msichana hakujibu. Alichukua kamba, akashika pale penye alama, akaziachia ncha mbili zining'inie chini. Moja ikapita nyingine. Akaiangalia, akamwambia mwenzake taratibu, "Umenipunja." Walirekebisha wenyewe, mimi nikapita. Niliandika kwenye karatasi yangu: dawati la nyuma dirishani, wameona wenyewe.

Kushika kwenye alama na kuachia ncha zining'inie ndicho kipimo unachotaka darasa zima lijifunze. Ukiona dawati lililokigundua, waite waonyeshe mbele wakati dakika ya tano inakaribia. Kisha madawati yote yajipime kwa namna hiyohiyo.

Onyo: watakaomaliza mapema usiwape robo. Najua inashawishi, kukunja mara ya pili ni rahisi kwa mikono. Lakini waulize kwanza wangepata vipande vingapi kama wangekunja mara mbili, utasikia wengi wakisema vitatu. Hilo ni somo lenyewe la kesho, ukiligusa leo utavuruga hili. Waliomaliza waende wakakague dawati la jirani kwa kipimo cha kuning'iniza.

6. Dakika 2: "nusu ya nini?"

Rudia swali la ubaoni kwa sauti moja: "Kwa hiyo yule mvuvi wa kwanza alipata nusu?" Sasa watakataa kwa kelele. Vizuri. Futa ile alama ya zamani, mtoto mmoja aje aweke alama mpya.

Halafu waambie kila dawati linyanyue kamba iliyokunjwa, ishikwe kwenye alama. "Mmeshika nusu?" "Ndiyooo!" Sasa toa kamba yako ya mita 1 mfukoni, ikunje mbele yao, ncha zilingane, inyanyue. "Na mimi nimeshika nusu?" Nyamaza hapo. Nusu yako ni sentimeta 50, ni ndefu kuliko kamba yao nzima ya sentimeta 40. Watakuambia umewadanganya. Watakuambia hiyo si nusu, ni kubwa mno. Usijitetee. Ipe dawati moja la mbele waikague kwa kuning'iniza. Ncha zinalingana. Kwa hiyo ni nusu. Sasa uliza: "Yenu ni nusu, yangu ni nusu, mbona hazilingani?"

Subiri. Hesabu moyoni mpaka kumi, hata kama ukimya unakuuma. Siku zote atatokea mtoto wa kusema kitu kama "kamba yako ni ndefu, mwalimu", na hilo ndilo jibu. Lichukue kwa maneno yake, uliandike ubaoni: *nusu ya kamba ya mwalimu, nusu ya kamba yetu*. Kisha uonyeshe yale maneno ya mwanzo, "robo ya sukari", na uulize robo hiyo ni robo ya nini. Wengi hawatajibu. Wachache watasema "ya kilo". Hapo utangulizi umeisha.

7. Angalia karatasi yako kabla ya kuendelea.

Utangulizi usiobadilisha kinachofuata umepoteza dakika 12. Mimi hufanya hivi. Kama waliokubali vipande visivyolingana kwenye hatua ya 4 walikuwa wachache, na madawati karibu yote yaliweza kipimo cha kuning'iniza, naingia kwenye maarifa mapya kama nilivyopanga: kitu kizima, sehemu mbili zinazolingana, na baadaye ndipo namna ya kuandika. Kama waliokubali walikuwa nusu ya darasa, lakini kazi ya kamba iliwageuza, naendelea, ila kwa karatasi na vizibo vya soda kwanza, na 1/2 naiweka dakika za mwisho. Kama hata baada ya kamba bado madawati mengi yanasema kipande chochote ni nusu, sigusi alama siku hiyo. Kipindi kizima kinakuwa cha kugawa sawa: kamba, karatasi, kisha vizibo 8 kwa watu wawili, vizibo 12 kwa watu wawili. Alama itangoja kesho, haiozi.

Jinsi ya kuiandika kwenye andalio la somo

Usiandike "kuwauliza wanafunzi maswali kuhusu somo lililopita". Sentensi hiyo haimwambii mtu chochote, wala wewe mwenyewe ukiisoma saa mbili asubuhi. Andika swali lenyewe na kitu chenyewe. Yangu husomeka hivi: "Mwalimu anawaongoza wanafunzi kutaja manunuzi ya nusu na robo, wanafunzi wanaamua kama kamba iliyokatwa 20 na 40 imetoa nusu, kila dawati linagawa kamba ya sm 40 kwa watu wawili na kuthibitisha, darasa linaeleza kwa nini nusu ya sm 40 na nusu ya mita 1 hazilingani." Kwenye safu ya tathmini: "Je, mwanafunzi anathibitisha kulingana kwa vipande? Je, anataja kitu kizima?"

Mambo yanayokwama, na la kufanya

*Nimeuliza habari za dukani, darasa limenyamaza.* Mara nyingi watoto wanaogopa kukosea kwa sababu wanadhani ni swali la hesabu. Anza na wewe: "Mimi jana nilinunua robo ya sukari. Wewe je?" Mtoto mmoja akifungua, wengine wanafuata. Kama kijijini kwenu duka liko mbali, uliza kuhusu saa: "Mnaingia darasani saa ngapi?" Kasorobo itakuja yenyewe.

*Mtoto ananijibu "mbili" ninapouliza amepata nini.* Anahesabu vipande, hajakosea, amejibu swali lake. Mwulize, "Kila mvuvi amepata vipande vingapi kati ya hivyo viwili?" Akisema kimoja, mwache hapo. Kimoja kati ya viwili ndiyo njia ya kwenda kwenye 1/2, utaikumbuka ukifika.

*Mtoto anasisitiza kwamba robo ni kubwa kuliko nusu, kwa kuwa nne ni kubwa kuliko mbili.* Huyu amefundishwa alama mapema, pengine na ndugu yake. Usibishane naye kwa mdomo. Mpe kamba yake ya sm 40, aikunje mara moja, aishike. Kisha mara mbili, aishike. Mwambie achague kipande anachotaka kupewa. Akilileta jambo hili katikati ya utangulizi, mwahidi kulijibu mwisho wa kipindi, na utimize.

*Nimetoa kamba yangu ya mita 1, hakuna aliyeshangaa.* Huenda uliileta mapema wakaiona, au tofauti ya urefu ilikuwa ndogo. Kama zao ni sm 40 na yako ni sm 60, nusu yako ni 30, haizidi kamba yao nzima, na mshangao unapungua. Hakikisha yako inazidi mara mbili ya zao.

*Ncha hazilingani hata baada ya kukunja vizuri.* Kamba mpya ya katani hujikunjakunja. Iloweke usiku, itundike ikiwa na uzito mwishoni ikauke, ndipo ukate. Na upime kila kipande kwa rula, usikisie. Madawati mawili yakiwa na kamba tofauti bila wewe kujua, yatalinganisha nusu zao kabla hujafika hatua ya 6 na kukumalizia swali lako.

*Dakika 12 zimekuwa 20.* Mara nyingi muda unaliwa na kugawa kamba. Zifunge mafungu kwa safu, viongozi wa safu wazigawe wakati unachora ule mstari ubaoni. Ukiona bado huwezi, punguza hatua ya 3, usipunguze ya 6.

*Mkuu wa taaluma au mthibiti ubora ameuliza kwa nini utangulizi ni mrefu kuliko dakika 5.* Mwonyeshe karatasi yako. Mwambie wangapi walikubali kipande cha 20 na 40 kuwa nusu kabla ya kamba, na wangapi baada yake. Mimi niliwahi kuulizwa hivyo, nikampa karatasi. Aliisoma, akaomba kipande kimoja cha kamba, akakikunja palepale mlangoni akaning'iniza ncha.